Pedi Moja kwa Saa: Hedhi Inapogeuka Dharura

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa, Kayole, Nairobi, mbele ya akina mama wa chama, mabinti zao na vijana kadhaa wa bodaboda. Waliokosa kufika waliomba niiandike yote, nami nimeiweka karibu kama nilivyoisema.

Mama zangu, dada zangu, mabinti mlioketi huku mbele, na nyinyi vijana mlioacha pikipiki nje mkaingia: asanteni kwa kuja. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni ya kasualti, zaidi zamu za usiku. Leo sitafundisha hedhi yote. Nataka tuzungumze kuhusu saa chache tu, zile za mwanzo, pale damu ya mwezi inapoacha kuwa ya mwezi ikawa damu inayomwaga uhai wa mtu. Katika saa hizo daktari hayupo. Mnakuwepo nyinyi.

Swali la kwanza. Mnajuaje kwamba hedhi hii imekuwa dharura? Nikiuliza mtaani huwa naambiwa, "Nitajua tu, ikizidi." Ikizidi nini? Wanawake wengi waliozoea kutokwa na damu nyingi hawana pa kuilinganisha. Mama yake alikuwa hivyo, dada yake ni hivyo, basi anaona ndivyo wanawake walivyo. Hedhi ya kawaida, kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa wengi wetu ni vijiko viwili au vitatu vya mezani vya damu. Hiyo ni ya siku zote kwa jumla. Ndiyo maana sitaki mtu aniambie "nyingi" wala "kidogo". Nataka aniambie pedi ngapi, kwa muda gani.

Shikeni hii: pedi moja iliyolowa kabisa, kila saa, kwa saa mbili mfululizo au zaidi. Hiyo ni safari ya hospitali, hata kama hujisikii vibaya bado. Na nikisema kulowa nina maana ya kulowa: mbele mpaka nyuma, mpaka kingo, ukiiminya inachuruzika. Pedi uliyobadilisha kwa sababu hupendi unyevu hatuihesabu. Anayetumia kikombe cha hedhi ahesabu vikombe vinavyojaa. Anayetumia vitambaa ahesabu vitambaa. Na anayevaa pedi mbili kwa pamoja, zote zikalowa, hizo ni mbili, si moja.

Hilo la mwisho nalisema kwa sababu ya mama mmoja muuza mboga aliyeletwa kwetu na wenzake wa sokoni. Nilimuuliza amebadilisha mara ngapi tangu asubuhi, akasema mara nne. Mara nne kwa siku nzima, mtu angemrudisha nyumbani. Lakini mwenzake akasema, "Mwambie muuguzi unavyovaa." Alikuwa anavaa pedi mbili, juu yake kipande cha taulo, halafu anajifunga leso mbili ili isionekane akiwa amesimama kwenye kibanda. Kila alipobadilisha alikuwa anatupa vyote vimelowa. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, faibroidi, na kwa miaka mingi alikuwa ameunda njia zake za kuificha damu, mpaka akajifichia ukweli yeye mwenyewe. Kwa hiyo ukimuuliza mwanamke, usiishie kwenye mara ngapi. Uliza amevaa nini, na uliza mabonge. Bonge kubwa kuliko sarafu ya shilingi 20, likirudi tena na tena, linaingia kwenye hesabu.

Sasa sikilizeni jambo ninalotaka mliondoke nalo hata mkisahau mengine. Mwili wa kijana unaficha. Unaficha mpaka hauwezi tena, na ukishindwa, unashindwa ghafla.

Nitawaeleza kisa cha binti wa miaka 15, kidato cha pili, aliyekuwa akiishi na mama yake Pipeline, ghorofa ya nne. Hedhi yake ilikuwa siku ya 9. Asubuhi hiyo alikuwa anabadilisha kila baada ya saa tatu hivi, akaona ni yale yale. Alasiri, kwenye saa kumi, mambo yakageuka. Kuanzia hapo mpaka saa nne usiku alimaliza pakiti nzima, pedi 8, na mabonge mengine yaliingia chooni ambayo hakuna aliyeyahesabu. Hakumwambia mtu. Kwa nini? Alikuwa anaona haya, na alikuwa anaogopa kuulizwa kama ana mimba. Mama alipoona rangi ya uso imebadilika alifanya anachofanya mzazi yeyote anayempenda mtoto: akamtengenezea juisi ya bitiruti, akamchemshia maji ya kuoga apate nguvu. Binti akaoga kwa maji ya moto, akatoka, akarudi chooni, akafunga mlango kwa komeo. Alipoinuka, alianguka. Walisikia kichwa kikigonga mlango.

Alikuwa ameonya kabla, na mnajua alionya vipi? Kuanzia magharibi alikuwa akisimama anashika ukuta. Alimwambia mdogo wake kwamba macho yanaingia giza. Alikuwa na kiu isiyoisha, mikono baridi, na moyo alisema unapiga kama amekimbia, naye amelala kitandani. Hizo ndizo dalili zenyewe. Kizunguzungu unaposimama, kuona giza, moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, ngozi baridi yenye jasho, kuhema, kiu kali, mkojo kupungua. Moja kati ya hizo pamoja na damu nyingi, usingoje kutimiza saa mbili za kuhesabu pedi. Na aliyezimia, hata kama ameamka na anaongea na anacheka na kusema yuko sawa, huyo ni wa hospitali usiku huo huo. Si asubuhi. Usiku huo.

Kwa nini anazimia akisimama na si akilala? Damu ikipungua, mishipa ya mikono na miguu inajibana ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana vidole vinakuwa baridi. Moyo nao unaongeza mwendo. Kwa njia hiyo presha inaweza kubaki nzuri kabisa mpaka karibu theluthi ya damu yote imepotea. Kwa binti mdogo kama yule, hiyo ni karibu lita moja. Akilala, hesabu inatosha. Akisimama, damu inashuka miguuni, ubongo unakosa, anaanguka. Maji ya moto nayo yanafungua mishipa ile ile mwili uliyokuwa unaibana. Juisi haikumdhuru, lakini bitiruti haizuii damu, wala managu, wala soda. Hivyo ni vyakula vya wiki zinazofuata, si vya usiku ule.

Tulipompima akiwa amelala, presha ilikuwa 108 kwa 70. Nzuri, sivyo? Mwanafunzi aliyekuwa nami alitabasamu. Lakini mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika. Mtu mzima aliyelala ametulia hapaswi kuvuka 100. Wingi wa damu, ile himoglobini, ulisoma 9.8. Nao ulikuwa unadanganya, kwa sababu mtu anapopoteza damu anapoteza vyote pamoja, maji na chembe nyekundu, kwa hiyo kile kilichobaki kinaonekana bado kizito. Baada ya saa chache na dripu, kipimo kilisoma 6.1. Hakuwa amemwaga tofauti yote hiyo mikononi mwetu. Ile damu ilikuwa imekwisha kubaki Pipeline, chooni.

Nyumbani hamna mashine ya presha, lakini mna vidole viwili. Viweke kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Amelala, ametulia, na inapita 100? Funga mlango mwondoke.

Ngojeni, nimesema mwondoke. Mnaondokaje? Hapa ndipo naomba vijana mnisikilize, maana hapa watu wema ndipo wanapomwumiza mgonjwa.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya simu na kabla ya nguo: mlaze chini. Mlaze pale pale alipo, hata kama ni sakafu ya choo, uinue miguu yake juu ya kiti au ndoo iliyopinduliwa. Mfunike, asipate baridi. Akiwa amezimia na haamki haraka, au anatapika, mgeuze alale ubavu ili asisongwe. Akiamka asikae, asisimame, asiende chooni. Mwekee pedi mpya akiwa amelala, pamoja na kitambaa chini, na uandike saa. Na mtu akitokwa na damu nyingi, mlango wa choo haufungwi kwa komeo na haendi peke yake. Mtakasirikiana, sawa, mtasameheana baadaye.

Usimpe asprini. Inaongeza kutokwa na damu. Dawa nyingine za maumivu kama aibuprofeni na diklofenaki ziacheni mpaka hospitali iseme, kwa sababu hamjui kama damu yake inaganda vizuri. Kama tumbo linauma sana, parasetamoli inatosha. Msimwingize kitambaa wala pamba ndani kwa nia ya kuziba, kwa sababu damu itaendelea kukusanyika nyuma yake na nyinyi mtadhani imekwisha. Kama yuko macho kabisa na safari ni ndefu, anywe maji kidogo kidogo. Chakula asile, huenda akahitaji kulazwa usingizi wa upasuaji.

Sasa ngazi. Tunaishi kwenye magorofa yasiyo na lifti. Mama wa yule binti alitaka kumvisha vizuri na kumtembeza polepole mpaka chini, amemshika kiuno. Jirani yao, mama anayepika chapati pale mlangoni, alikataa kata kata. Alisema, "Huyu akiangukia ngazini tutakuwa na wagonjwa wawili." Akaleta blanketi. Walimlaza katikati, wakakunja kingo, watu wanne wakashika pembe, wawili mbele na wawili nyuma, wakashuka miguu ikitangulia, na kila kwenye kona ya ngazi wakamweka chini wakapumzika. Kama mko wawili tu, kiti cha plastiki kigumu kinaweza kusaidia, mmoja nyuma mmoja mbele, lakini kichwa kikianza kulegea mnamlaza hapo hapo kwenye kona mpaka arudi. Mpelekeni kwa gari analoweza kulala, kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mtu. Nambari za dharura za bure ni 999 na 112, pigeni, lakini gari la jirani likiwa hapo na ambulensi haijulikani itafika lini, ondokeni na lililopo. Vijana wangu wa bodaboda, najua mioyo yenu. Lakini mtu aliyezimia mara moja atazimia tena, na atazimia mgongoni mwenu Jogoo Road. Msimbebe. Tumieni pikipiki kwenda kutafuta gari, hapo mtakuwa mmemsaidia zaidi ya mtu yeyote.

Mmoja wenu alinong'ona hapo nyuma: na kama ni depo? Nimesikia, na ni swali zuri sana. Depo, ile sindano ya kupanga uzazi, inaweza kuvuruga hedhi, na P2, tembe za dharura za kuzuia mimba, pia. Lakini jina la sababu halipunguzi damu. Pedi kila saa ni pedi kila saa, iwe ni depo, iwe ni faibroidi, iwe ni homoni za msichana ambazo hazijatulia, kwa sababu miaka ya kwanza ya hedhi yai halitoki kila mwezi na ukuta wa kizazi unanenepa kupita kiasi kabla haujabomoka. Sababu itatafutwa akiwa kitandani, na dripu imeshaingia.

Kuna jambo moja tu la sababu ambalo nataka mliulize nyumbani, na mliulize kwa upole, mkiwa wawili faraghani: je, kuna uwezekano wa mimba? Mnisamehe mabinti, si hukumu. Nilipokea dada mmoja, mhudumu wa mkahawa katikati ya jiji, ambaye hedhi yake ilichelewa wiki mbili, kisha "ikaja". Damu ilikuwa kidogo tu, hata pedi moja haikulowa. Lakini upande mmoja wa tumbo chini ulikuwa unauma kama kisu, bega lilikuwa linauma na hakujua kwa nini, na akazimia akiwa amebeba sinia. Ile haikuwa hedhi. Ilikuwa mimba iliyoshika kwenye mrija, nje ya kizazi, na mrija ulikuwa umepasuka. Damu ilikuwa inajaa tumboni ambako hakuna pedi inayoweza kuihesabu. Alifika chumba cha upasuaji usiku huo na yuko hai. Kwa hiyo kanuni yangu ya pedi ina mpaka wake: kuzimia au maumivu makali ya upande mmoja, kwa mwanamke anayeweza kuwa na mimba, ni dharura hata damu ikiwa tone. Na ndiyo maana hospitali itampima mimba kila msichana na kila mama, hata aliyeapa. Msikasirike. Tunatafuta mrija.

Mkifika kasualti, msiseme "ana shida ya wanawake". Ukisema hivyo utapangwa foleni na mwenye mafua. Sema hivi: "Anatoka damu, pedi 8 tangu saa kumi, amezimia mara moja saa nne, amelala tangu hapo." Sentensi moja. Mama wa yule binti alikuwa ameandika saa nyuma ya daftari la shule, na karatasi ile ilimpitisha mbele ya watu. Kama ana dawa anazotumia, hasa za kufanya damu iwe nyepesi, zilete zote kwenye mfuko.

Na mkiombwa pesa kwanza? Mmoja wa jamaa zangu aliombwa amana kwenye kituo kimoja cha binafsi huku damu inatiririka kwenye sakafu yao. Kumbukeni Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, sehemu ya pili: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Litajeni kwa heshima, kwa sauti inayosikika. Deni litajadiliwa, lakini mgonjwa atulizwe kwanza.

Ndani, mtaona tukiweka mirija mikubwa ya dripu kwenye mikono yote miwili, tukichukua damu ya kupimia kundi, na huenda tukawaomba ndugu waje kuchangia. Binti yule aliongezewa chupa mbili. Alipewa asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke haraka. Kisha akapewa tembe za homoni, na hapo mama yake akanivuta pembeni akaniuliza kwa machozi, "Mnampa mtoto wangu dawa za kupanga uzazi?" Ndiyo, ni tembe zile zile. Lakini kwa siku zile zinapewa mara kadhaa kwa siku, kwa kipimo cha daktari, ili kuutuliza ukuta wa kizazi uache kubomoka. Hazimfundishi mtoto tabia yoyote. Zinazuia damu. Kuzinunua mwenyewe kwenye duka la dawa na kuzimeza nyingi ni jambo jingine kabisa, maana kuna wenye presha au walioganda damu miguuni ambao zinaweza kuwadhuru. Kufikia siku ya pili pedi zake zilikuwa zimerudi tatu kwa siku.

Kabla ya kumruhusu aende, daktari aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza: je, pua hutoka damu? Hutoka, tangu utotoni, hata dakika 20. Jino liliponyofolewa? Alilala na pamba mdomoni usiku kucha. Alama za buluu mwilini bila kugongwa? Nyingi. Vipimo vya baadaye vilionyesha ugonjwa wa kurithi wa fon Wilebrandi, ambao hufanya damu isigande ipasavyo. Mama naye alipofikiri akakumbuka kujifungua kwake mwenyewe. Kwa hiyo mabinti, ikiwa hedhi zenu ni nzito tangu ya kwanza kabisa, na pua na meno yanafanana na hayo, mwambieni daktari hata kama hamjawahi kuzimia.

Alirudi nyumbani na tembe za madini ya chuma za miezi mitatu, kwa sababu kuongezewa damu hakujazi ghala lililokauka. Asizimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia. Choo kitakuwa cheusi, msitishike. Na alipewa tarehe ya kliniki kabla ya hedhi inayofuata, siyo baada yake, ili mwezi ule mwingine umkute na mpango wa dawa mkononi.

Maswali nitayapokea yote. Lakini kwanza nimeleta blanketi, liko hapa juu ya meza. Nataka watu wanne wa kubeba na mmoja wa kubebwa, na tutatumia zile ngazi za pembeni ya ukumbi.